Faili Iliyopotea Hutafutwa kwa Njia Iliyopitia

*Haya ni mazungumzo ya afisa wa TEHAMA wa kaunti na makatibu na waweka hazina wa vikundi vya wadi. Tumeyachapisha kwa sababu wengi waliohudhuria waliomba kuwa na hatua hizi kwa maandishi.*

 

Mwenzetu aliyenifanya nichague mada ya leo ameketi humu humu ukumbini. Ni mweka hazina wa mradi wa maji. Amenipa ruhusa niwaeleze yaliyompata, mradi nisimtaje jina, wala nisiutaje mradi wake, wala saiba alikofanyia kazi. Nitaheshimu hilo.

Mradi wake ulikuwa unaunganisha maji kwa nyumba mpya. Kila nyumba ilitakiwa kulipa shilingi 2,500. Nyumba 38 zililipa pesa taslimu kwa wakusanyaji wa vijiji, nao wakaandika majina, nambari za vitambulisho na nambari za simu kwenye vikaratasi. Mweka hazina alipeleka pesa zote benki, shilingi 95,000, akapewa stakabadhi moja. Siku ya Jumatatu alikwenda saiba na vikaratasi vyake, akaingiza majina yote kwenye rejesta ya Excel iitwayo `Rejesta_Maji.xlsx`. Jioni aliona kazi imekwisha, akavitumia vile vikaratasi kuwashia jiko.

Jumatano usiku alifungua barua pepe kwenye simu ili amtumie fundi orodha. Faili ilikuwa pale pale alipoizoea. Lakini ndani yake hakukuwa na jina hata moja kati ya yale 38. Mkutano wa wanachama ulikuwa Jumamosi. Benki inasema pesa zipo, rejesta inasema hakuna aliyelipa, na ushahidi wa nani alilipa umegeuka jivu. Alinipigia simu Alhamisi asubuhi, na neno la kwanza alilosema ni, "Mwanangu, kazi yangu imefutika kwenye emaili."

Haikuwa imefutika. Na hapo ndipo nataka tuanzie.

Kiambatisho hakibadiliki

Faili iliyoambatishwa kwenye barua pepe ni kama nakala iliyotiwa ndani ya bahasha. Unapoifungua, kompyuta haikupi ile iliyo ndani ya bahasha uiandike. Inatoa nakala nyingine, inaiweka mahali fulani kwenye mashine uliyokalia, na hiyo ndiyo unayoiona kwenye skrini. Ukiandika na kubonyeza `Save`, unachokihifadhi ni ile nakala ya pili. Ukirudi kesho kwenye barua pepe, kwa kawaida bahasha ina kile kile ilichokuwa nacho siku ilipotumwa.

Kwa hiyo mwenzetu alipofungua barua pepe na kukuta rejesta ya zamani, hilo halikuonyesha kwamba kazi imepotea. Lilionyesha tu kwamba anatafuta mahali ambapo kazi hiyo haijawahi kuwa. Swali la kuuliza si "Faili yangu iko wapi?" Swali ni "Nilipokuwa naandika, nakala niliyoiandika ilikuwa kwenye mashine gani, na iliingiaje humo?" Faili ya kikundi hupita kwenye mikono mingi, na kila mkono unaopita huacha nakala. Tukiijua njia, tunajua pa kutafuta.

Kabla ya kutafuta, zuieni usafi

Jambo la kwanza nililomwomba ni nambari ya saiba. Nilimpigia kijana anayehudumu pale, nikamsihi asisafishe kompyuta yoyote, asifute chochote, na asiziwashe upya mpaka tufike. Kuna sababu.

Saiba nyingi hufuta faili za wateja kila jioni, na hilo ni jambo jema, nitalirudia mwishoni. Nyingine zimewekewa programu inayorudisha kompyuta katika hali ya mwanzo kila inapowashwa upya. Hapo kila kilichoandikwa tangu asubuhi huondoka. Na hata pasipo programu hiyo, mtu anaweza kuendesha kazi ya kusafisha diski ili mashine iwe nyepesi, nayo ikapitia zile folda za muda ambamo huenda ndimo kazi yako ilimo.

Kwa mashine yako mwenyewe kanuni ni hiyo hiyo. Ukigundua faili haipo, acha kupakua vitu vipya, acha kusakinisha programu, na usimruhusu mtu "akusaidie kusafisha". Faili iliyofutwa mara nyingi hukaa kwenye diski mpaka nafasi yake iandikwe kitu kingine. Kila unachoongeza kinaweza kuikalia.

Siku iandikwe kwenye karatasi

Tulipokutana sikumwomba afungue kompyuta. Nilimpa karatasi. Nikamwambia, "Mama, hebu tuanze upya. Jumatatu ulikaa kwenye kompyuta gani?"

"Ile ya dirishani, mwanangu. Niliingia saa nne asubuhi."

"Ukamaliza hapo hapo?"

"Hapo hapo. Nikahifadhi, nikafunga."

"Kuna mtu yeyote ulimtumia?"

Akafikiri. "Mwenyekiti. Alitaka kuona tumefika wapi, nikamtumia kwa WhatsApp kama saa saba hivi."

Basi tukawa na mistari miwili. Saa nne, kompyuta ya dirishani, faili imepakuliwa kutoka Gmail. Saa saba, nakala imetumwa kwa simu ya mwenyekiti. Kumbukumbu yake ilikomea hapo. Naye hakuwa anaficha kitu. Mtu aliyeandika majina tangu asubuhi hakumbuki kila alichobonyeza. Hivyo tukaiuliza barua pepe yenyewe, kwa sababu hata pale isipokuwa na kazi, huwa na ushahidi wa safari.

Barua pepe: tafuta ulichotuma, si ulichopokea tu

Watu wengi hutafuta kwenye sanduku la barua zilizoingia. Kwenye Gmail, sehemu ya juu ya kutafutia hupokea maneno maalumu. Tuliandika hivi:

```
in:sent has:attachment newer_than:7d
```

Maana yake ni kwamba tuonyeshwe barua zilizotumwa, zenye kiambatisho, za siku saba zilizopita. Usipojua kama uliituma au uliipokea, tafuta kwa aina ya faili, na uongeze neno linaloingia hata kwenye barua taka na kwenye pipa:

```
in:anywhere has:attachment filename:xlsx
```

Badala ya `xlsx` unaweza kuandika `docx` kwa faili za Word au `pdf`. Pipa la Gmail huhifadhi barua kwa siku 30, kisha huzifuta. Angalieni pia `Drafts`, kwa sababu barua iliyoandikwa na haikutumwa hubaki pale pamoja na kiambatisho chake.

Utafutaji wa kwanza ulitoa barua moja aliyokuwa ameisahau kabisa. Jumatatu, saa nane na dakika 40 alasiri, alituma `Rejesta_Maji.xlsx` kwa anwani ya barua pepe ya saiba yenyewe.

"Aa!" akasema. "Ile ya dirishani haichapishi. Kijana aliniambia nitume kwao anichapishie, halafu kuna mwanafunzi alikuwa anasubiri kiti changu. Nikamalizia pale kaunta."

Tazameni jinsi mambo yalivyobadilika. Tulifungua kiambatisho hicho, tukahesabu. Kilikuwa na majina mapya 21. Yaani hadi saa nane na dakika 40 alikuwa ameandika majina 21, na mengine 17 aliyaandika baadaye, kwenye mashine nyingine. Tusingeuliza barua zilizotumwa, tungeshinda kwenye kompyuta ya dirishani siku nzima.

Vipakuliwa: orodha hubaki hata faili ikifutwa

Hata hivyo tulianzia dirishani, kwa sababu huwezi kuliacha pango bila kuchungulia. Kwenye kivinjari cha Chrome tulibonyeza `Ctrl` na `J` kwa pamoja. Hiyo hufungua orodha ya vilivyopakuliwa. `Rejesta_Maji.xlsx` ilikuwa kwenye orodha, lakini jina limepigwa mstari. Maana yake, faili ilipakuliwa kweli na baadaye imeondolewa. Folda ya `Downloads` ilikuwa tupu, na pipa la kompyuta, `Recycle Bin`, lilikuwa tupu pia. Kijana alikuwa amesafisha Jumatatu jioni kama kawaida yake.

Kama ingekuwa laptopu yenu, hapa ndipo kazi nyingi hupatikana. Jihadharini na jambo moja. Ukipakua kiambatisho kile kile mara tatu, kompyuta haikalii ile ya kwanza. Inaipa ya pili jina lenye `(1)`, na ya tatu `(2)`. Mtu huandika kwenye yenye `(1)`, kesho anafungua ile isiyo na nambari, anaona kazi haipo. Kwa hiyo msitafute jina kamili. Kwenye dirisha la mafaili la Windows, fungueni folda ya `Downloads`, na sehemu ya kutafutia muandike:

```
Rejesta*.xlsx datemodified:this week
```

Ile nyota inasimama badala ya maneno yoyote yanayofuata. Mtaona nakala zote zilizoguswa wiki hii.

WhatsApp: nakala ipo, lakini tarehe inaweza kudanganya

Mwenyekiti alikuwa ameshafika. Kwenye simu yake tulifungua mazungumzo, tukagusa jina la mweka hazina juu, tukaingia sehemu ya picha, viungo na hati. Chini ya hati, rejesta ilikuwepo.

Wakati mwingine mazungumzo yenyewe yamefutwa. Hapo bado msikate tamaa, kwa sababu hati iliyowahi kupakuliwa kwenye simu ya Android inaweza kubaki kwenye folda yake hata ujumbe ukiondoka, ikiwa aliyefuta hakuchagua kufuta na faili. Fungueni programu ya mafaili kwenye simu, mfuate njia hii:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/WhatsApp Documents
```

Ndani yake kuna folda nyingine iitwayo `Sent`, yenye hati ulizozituma kutoka kwenye simu hiyo. Huenda jina limebadilika likaanza na `DOC` likifuatwa na tarehe, kwa hiyo tafuteni kwa siku. Lakini kama aliyetumiwa hakuwahi kuigusa ipakuliwe, muda ukipita WhatsApp itasema haipatikani. Dawa pekee ni aliyetuma aitume tena.

Sasa mwenyekiti akafurahi sana. Alisema, "Hii ndiyo ya mwisho kabisa. Angalieni, simu inasema ni ya Jumatano jioni, na nyinyi mnasema kazi ilifanywa Jumatatu."

Hapo ndipo vikundi vingi huangukia. Tarehe anayoiona kwenye folda mara nyingi ni ya siku nakala ilipoingia kwenye kifaa hicho. Mwenyekiti aliipakua Jumatano, ndiyo sababu ilionekana mpya. Ukitaka kujua ni lini mtu aliandika ndani yake mara ya mwisho, ifungue kwenye kompyuta kwa Excel, uende `File`, kisha `Info`, utazame upande wa kulia palipoandikwa `Last Modified`. Habari hiyo husafiri ndani ya faili yenyewe. Nakala ya mwenyekiti ilisema Jumatatu, kabla tu ya saa saba mchana, na ilikuwa na majina 21.

Fikirieni kama tungekubali kwamba ndiyo ya mwisho. Majina 21 kwa shilingi 2,500 ni shilingi 52,500. Benki ina shilingi 95,000. Tofauti ni shilingi 42,500, yaani nyumba 17 zilizolipa bila jina. Jumamosi familia hizo zingeambiwa hazimo kwenye rejesta, na mweka hazina angeulizwa pesa za ziada zimetoka wapi.

Folda ya muda: mahali ambapo haufiki kwa kubofya

Tukaenda kaunta. Kompyuta hiyo ilikuwa na Ofisi ya zamani, na barua za saiba zilisomwa kwa Outlook. Nilimuuliza kijana jinsi alivyoifungua. Alisema alibofya kiambatisho mara mbili, Excel ikafunguka, kisha akaifunga ile barua na kumwachia mama kiti, kwa kuwa kulikuwa na wateja wengine.

Outlook inapofungua kiambatisho, huweka nakala kwenye folda ya muda iliyofichwa. Huwezi kuifikia kwa kubofya folda moja baada ya nyingine, kwa sababu Windows haikuonyeshi. Lazima uandike anwani yake. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na `R`, kisha uandike:

```
%localappdata%\Microsoft\Windows\INetCache\Content.Outlook
```

Ukibonyeza `Enter` utakuta folda yenye jina lisilo na maana, mchanganyiko wa herufi na nambari. Ndani yake ndimo viambatisho hukaa. Tulipoifungua, kulikuwa na faili nyingi za watu wengine, na katikati yake `Rejesta_Maji.xlsx`.

Kwa kawaida Outlook huifuta nakala hiyo unapofunga barua. Kwa nini hii ilibaki? Kwa sababu barua ilifungwa wakati Excel bado imeishikilia faili. Kompyuta haifuti kitu kilicho mkononi mwa programu nyingine, kwa hiyo ikaachwa pale. Mama akaandika majina 17, akabonyeza `Save`, na kila kitu kikaingia kwenye nakala hiyo ambayo hakuna aliyejua iko wapi. Haraka ya kijana ndiyo iliyotuokoa. Angeiacha barua wazi na kuifunga mwishoni, Outlook ingemuuliza kama anataka kuhifadhi mabadiliko, na akijibu hapana, nakala hiyo ingefutwa.

Niongeze kwamba matoleo ya sasa ya Outlook hufungua kiambatisho kwa kusomwa tu. Ukiandika na kubonyeza `Save` yanakuuliza pa kuweka. Hapo usibonyeze tu ili dirisha liondoke. Soma inakopeleka, kwa sababu huko ndiko utakakoitafuta kesho.

Tulipoiona hatukuifungua. Tuliinakili kwanza kwenye flashi, tukaitoa flashi, na ile nakala ya flashi ndiyo tuliyoifungua kwenye laptopu yangu. Ukiifungua ndani ya folda ya muda unaweza kuibadilisha bila kukusudia, au Outlook ikaifagia ukiwa bado unashangilia.

Namna tulivyojua ndiyo yenyewe

`Last Modified` ilisema Jumatatu, saa kumi na robo alasiri. Hilo lililingana na karatasi yetu. Lakini tarehe peke yake haitoshi kwa pesa za watu. Tulihesabu majina mapya, yakawa 38. Tukajumlisha safu ya malipo mapya, ikawa shilingi 95,000 kamili. Mweka hazina akatoa stakabadhi ya benki mkobani, nayo ikasema shilingi 95,000. Kisha tukawapigia simu wakusanyaji wa vijiji, kila mmoja akataja nyumba chache alizokusanya, na zote zilikuwemo. Hapo tu ndipo nilipomwambia kwamba amepata rejesta yake.

Kipimo hiki ni muhimu kwa sababu kiko nje ya faili. Nakala mbili za kompyuta zinaweza kukubaliana na zote zikawa pungufu. Stakabadhi ya benki haijui lolote kuhusu Excel.

Palipo na mwisho wa njia

Sitaki mtoke hapa mkidhani kila kitu hupatikana. Kuna njia mbili tulizokuwa nazo mkononi endapo kaunta ingekuwa tupu, na zote zina mipaka.

Ya kwanza ni akiba ya Excel na Word. Programu hizi hujiwekea nakala ya dharura kila baada ya dakika 10 mkiwa mnaandika, isipokuwa mtu amebadilisha mpangilio. Ukifunga faili ambayo haijawahi kuhifadhiwa na kujibu kwamba hutaki kuihifadhi, fungua Excel, uende `File`, `Info`, kisha utafute `Recover Unsaved Workbooks`. Kwenye Word ni `Recover Unsaved Documents`. Folda inayofunguka ni hii:

```
%localappdata%\Microsoft\Office\UnsavedFiles
```

Mpaka wake ni kwamba nakala hizo hukaa kwa siku chache tu, na ulichoandika katika dakika chache za mwisho kinaweza kukosekana. Tena ukihifadhi vizuri na kufunga kama alivyofanya mama, programu huona hakuna dharura, haiachi nakala hapo.

Ya pili ni akiba ya kivinjari. Kivinjari huweka vipande vya ulichokitazama ili ukurasa ufunguke upesi. Kikikuonyesha hati ya PDF ambayo sasa imeondolewa kwenye mtandao, na bado iko wazi kwenye skrini, usiipakie upya. Bofya alama ya kupakua hapo hapo ujaribu kuihifadhi. Lakini akiba hiyo huweka ulichotazama, haiweki ulichoandika ndani ya Excel. Kwa majina 17 isingetusaidia chochote.

Kilichotusaidia kinaweza kutuumiza

Namalizia na jambo lililonisumbua pale kaunta. Nilipofungua folda ile kutafuta faili moja, niliona majina ya faili za watu wengine wengi. Barua za kuomba kazi, vyeti, nakala za vitambulisho. Yeyote anayeketi pale akijua anwani niliyowapa leo, anaweza kuona hayo. Na rejesta yetu, yenye nambari za vitambulisho vya wenye nyumba 38, ilikaa humo siku tatu.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza habari za watu azilinde, na kikundi kinachoandikisha wanachama kinatunza habari za watu. Kwa hiyo baada ya kuhakikisha nakala mbili ziko salama, moja kwenye flashi na moja kwenye laptopu ya katibu, tulirudi tukaifuta ile ya kaunta kwa `Shift` na `Delete` ili isipitie pipa. Mama akafungua WhatsApp kwenye simu yake, sehemu ya `Linked devices`, akakuta kompyuta ya dirishani bado imeunganishwa tangu Jumatatu. Akaiondoa. Nilimshauri kijana aingize folda ile katika usafi wake wa jioni, na awaulize wateja kwanza kama wamechukua kazi zao.

Mradi wenyewe umebadilisha mambo mawili tu. Kiambatisho hakifunguliwi moja kwa moja tena. Kinahifadhiwa kwanza kwenye flashi ya mradi kwa jina lenye tarehe, kisha ndipo kinafunguliwa na kuandikwa. Na vikaratasi vya wakusanyaji vinakaa kwenye bahasha ya katibu mpaka rejesta ilinganishwe na stakabadhi ya benki mbele ya watu wawili.

Jumamosi ile mkutano ulifanyika. Majina 38 yalisomwa, na kila aliyesomwa aliitikia. Mama anatabasamu pale nyuma, kwa hiyo nadhani nimeyaeleza sawasawa. Sasa tuchukue maswali, na mwenye laptopu aliyekuja na faili iliyompotea aisogeze mbele, lakini asiiwashe upya.